Kidole Kwenye Mkataba

Msusi aliingia ofisini kwetu na godoro. Nasaidia watu wasio na wakili, na vituko nimeviona vingi, lakini mteja kuja na godoro kichwani ilikuwa mara ya kwanza.

"Mzee Kufuli amesema jioni anatia kufuli," alisema akiliegemeza ukutani. "Nimevunja mkataba. Nimeona nitoke kabla sijatolewa mbele ya wateja wangu."

Mzee Kufuli ni mwenye nyumba wake. Jina hilo amepewa na wapangaji, na hakulipata bure.

Alinipa simu. Mkataba wenyewe, nakala yake, ulikuwa sandukuni chumbani, hapo alikuwa na picha tu. Nikaikuza. Kifungu cha sita: chumba ni cha makazi pekee, na biashara hairuhusiwi bila ridhaa ya maandishi.

"Ridhaa ndiyo nini?"

"Ruhusa. Ya maandishi maana yake aiandike, asiseme tu."

"Mkewe namsuka mimi, humo humo chumbani! Na yeye mwenyewe huja kumchukua."

"Alikuandikia?"

Alitikisa kichwa kukataa. Nilimwonea huruma, lakini sikumdanganya: jambo la kumsuka mkewe tungeweza kulitaja, ila lisingechukua nafasi ya karatasi.

Kifungu cha tisa kilianza vizuri: "Endapo mpangaji atakiuka sharti lolote, mwenye nyumba ata..." Kisha kidole gumba. Kinene, kina hina, kimelala juu ya mistari miwili.

"Soma basi," alisema.

"Dada, kidole hakisomeki."

Alicheka, mimi nikakasirika. Watu hupiga picha ya maisha yao huku wameyafunika! Nilimwambia arudi akapige upya, karatasi ikiwa mezani, mikono mbali. Godoro aliliacha kwangu.

Picha mpya ilikuja kabla sijamaliza chai. Nikampigia na kumsomea: "...atampa notisi ya maandishi, na mwezi mmoja wa kurekebisha ukiukaji huo, kabla ya kusitisha mkataba."

"Kwa Kiswahili cha watu?"

"Umekosea kweli. Lakini kwanza akuandikie kosa lako, kisha akupe mwezi ulirekebishe: uache kusuka humo, au upate ruhusa yake. Ukilirekebisha, mkataba unaendelea. Kusema kwa mdomo jioni nafunga, hapana."

"Ameandika hivyo yeye?"

"Na akatia sahihi. Chini yake iko yako."

Kisha nikasikia analia, kilio cha mtu aliyechoka.

"Nimeishi humu miaka yote nikimwogopa," alisema, "na karatasi iko chini ya nguo zangu."

Alirudi kuchukua godoro. Nilimwandalia barua ya kuomba ridhaa, nikamwambia wateja awasuke kwa dada yake mpaka ijibiwe. Alilibeba godoro, akasimama mlangoni.

"Nikimkuta getini na kufuli?"

"Mwonyeshe cha tisa."

"Kwenye simu?"

"Kwenye karatasi."

Akaondoka na godoro kichwani, akipita barabara kubwa, mchana kweupe, wateja wake wakimwona anarudi nyumbani.