Barua Iliyosema Habaryar Asichomwe Moto

Barua ililetwa na wanawake wanaopeleka maziwa Masalani. Walimkabidhi aabo, baba yangu, naye akanipa mimi kama kawaida, maana nilikuwa likizoni na hapo bomani hakuna mwingine aliyefika sekondari. Akaniambia nisome. Nilipofika mstari wa pili nikanyamaza.

Ilitoka kwa mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa kando ya mto anayekuja kupima watoto uzito. Hajui Kisomali, na Kiswahili cha kwetu ni cha sokoni, kwa hiyo aliandika kwa maneno mepesi. Ilimhusu habaryar, yaani mdogo wake mama, aliyekuwa akiishi nasi tangu mumewe ahamishie ngamia upande wa Hulugho. Ilisema ana uvimbe kwenye titi.

Mimi nitamke titi mbele ya baba? Mimi ambaye shuleni hata jibu ninalolijua silitoi. Masikio yaliwaka moto. Aabo alinitazama, kisha akamtazama mama, na nadhani uso wa mama ulimwambia. Akainuka, akageuza kigoda chake, akakaa akinipa mgongo, macho kwa mbuzi.

"Sasa soma," akasema. "Na usiruke kitu."

Nikikumbuka mgongo ule namshukuru. Nilisoma yote. Kwamba uvimbe uko kushoto, ni mgumu na hausogei. Kwamba hauumi, lakini kutouma kusitudanganye. Kwamba yeye kwa kushika tu hawezi kujua ni ugonjwa gani, hospitali ndiyo itakayojua, na karatasi ya kumpeleka ameiambatisha. Aende na mwanamke mwenzake, aombe muuguzi wa kike awepo. Mwisho aliandika: "Nawasihi msimchome moto. Jeraha litamsumbua daktari, na siku zitapotea."

Hapo mama akashtuka, kwa sababu mzee anayetibu kwa kuchoma ngozi kwa chuma cha moto alikuwa ameshaitwa. Habaryar mwenyewe ndiye aliyemtaka. Alisikia yote kutoka ndani ya kibanda, na akajibu kwa kicheko akiwa humohumo kwamba yule mama wa mtoni huogopa kila kitu, hata maji ya kisima chetu aliwahi kuyaogopa. Aabo naye alisema moto ndio uliomponya nyongo utotoni, alama anazo tumboni. Nikajua tumeshindwa. Lakini akaniambia nirudie pale panaposema kutouma kusitudanganye. Nikarudia. Akataka tena.

Habaryar akatoka. Hakuwa akicheka sasa.

"Wataniletea kisu," alisema. "Mume wangu akirudi atakuta nusu ya mke."

Aabo hakugeuka. "Na asipokuta mke kabisa, shemeji?"

Mbuzi mmoja alikuwa akitafuna kamba na hakuna aliyemfukuza. Baadaye aabo alisema mzee wa moto apelekewe salamu asije, na mume akiuliza nani aliruhusu, amuulize yeye.

Tulipanda basi la Garissa, mama, habaryar na mimi wa kutafsiri, tukafikia kwa jamaa zetu mtaa wa Galbet. Hospitalini daktari alikuwa mwanamume. Habaryar alijifunga shuka mpaka kidevuni, akaniagiza nimwambie daktari apime kwa macho. Muuguzi wa kike alicheka, akamshika mkono, akamwambia kupitia kwangu kwamba hata yeye alishapimwa hivyo. Basi akakubali. Daktari alipima matiti yote mawili na kwapa zote mbili, na siku iliyofuata wakakata kipande kidogo cha uvimbe kikapelekwa Nairobi kuchunguzwa.

Kusubiri jibu ndiko kulikotuchosha. Habaryar alisali sana na akawa mkali kwa kila mtu, hasa kwangu. Jibu lilipokuja lilikuwa saratani. Neno hilo sikulijua kwa Kisomali, nikalieleza kwa mzunguko, nikalia kabla yake. Daktari alisema titi litolewe, na kwamba kwenye kwapa haoni dalili kuwa saratani imefika. Habaryar alikataa siku nzima. Kesho yake asubuhi akaniambia, bila kunitazama, "Kawaambie wakate."

Walilitoa, halafu akapelekwa Nairobi kwa matibabu ya mionzi. Mumewe alimfuata huko huko, na hakuuliza nani aliruhusu.

Tuliporudi nyumbani wanawake wa jirani walikuja na nyuso za msiba, wakakaa kibandani wakinong'ona kana kwamba mwenye nyumba hayupo. Yule mama wa mtoni alikuwa kati yao. Habaryar alivumilia mpaka chai ikaisha, kisha akafungua nguo kifuani. Kovu lilikuwa refu, jekundu bado. Nilitaka kuangalia chini, nikaona nisiangalie chini.

"Tazameni vizuri," alisema. "Mnaona maiti hapa?"

Wakacheka kwa woga. Akamshika mama wa mtoni mkono, akauweka juu ya kovu, akaendelea kuushikilia hivyo hivyo huku akimuuliza habari za watoto wake.