Testi Tyubu ya Tano

Mwalimu Adelina alikuwa mtu wa kujaza. Hakuwa mvivu, wala asidhani mtu kwamba alikuwa mwongo wa kuzaliwa. Alilelewa Bukene, karibu na reli, na mama Mkatoliki aliyekuwa akimchapa kwa kusema amesali kumbe hajasali. Lakini kufundisha kemia miaka mingi katika shule ya kata isiyo na kemikali kunamfundisha mtu tabia zake. Kopo la potasiamu naitreti lililokuwa kabatini shuleni kwake Ulyankulu lilikwisha zamani, likabaki lebo na vumbi. Wanafunzi walihitaji jedwali la matokeo ili wachore grafu. Basi Adelina alisimama ubaoni akawasomea namba kutoka kitabuni, nao wakaandika kama vile wamezipima wenyewe. Walimu waliita jambo hilo kupika. Yeye aliliita kujaza, maana neno hilo lilikuwa na heshima kidogo.

Ndipo zikaja habari za nafasi moja. Shule ya bweni ya wasichana, yenye maabara ya kweli, ilikuwa inatafuta msichana mmoja wa kidato cha pili kutoka shule za vijijini, asome pale bure mpaka amalize kidato cha nne. Washindani wangeitwa Tabora mjini, na kila mmoja angefanya jaribio aliloliandalia mpango. Mada ilitangazwa mapema: joto linaathirije umumunyifu wa potasiamu naitreti.

Adelina hakufikiri mara mbili. Alimchagua Recheli.

Recheli alikuwa binti wa Vedasto, mkulima wa tumbaku, wa zile familia zilizoingia Ulyankulu kutoka Burundi mwaka sabini na mbili zikakaa mpaka zikawa wenyeji. Nyumbani walizungumza Kirundi, kanisani Moravian waliimba Kiswahili, na mbele ya hesabu msichana huyu hakuwa na lugha, alinyamaza tu akapata. Mama yake alishafariki. Bibi yake alikuwa amepooza upande mmoja, na kila asubuhi Recheli ndiye aliyemgeuza, akamwosha, kisha akaja shule akiwa amechelewa.

Vedasto alilisema wazi, akiwa amesimama kwenye kitalu cha miche, mikono ina udongo. "Mwalimu, mimi si adui wa shule. Akipata hiyo ya bweni, dada yangu atahamia hapa amtunze mama. Nimeshaongea naye. Lakini hawezi kuhama kwa ajili ya shule ya hapa ambayo mtoto analala nyumbani. Akikosa, kidato cha pili kinamtosha. Atakaa na bibi yake."

"Atapata," alisema Adelina.

Ahadi ni deni, na huyu mwalimu aliiweka papo hapo, bila kuulizwa.

Wakaupanga mpango wiki nzima, baada ya vipindi. Kigeu cha kubadilika ni joto. Kinachopimwa ni umumunyifu, yaani gramu za chumvi hii, potasiamu naitreti, zinazoyeyuka katika gramu mia za maji. Vya kushikiliwa visibadilike: uzito wa chumvi, gramu nane katika kila testi tyubu, maji yaleyale safi, kama yale ya betri, kipimajoto kimoja, na ukorogaji uleule. Testi tyubu zitakuwa tano. Ya kwanza itiwe sentimita za ujazo tano za maji, ya pili saba na nusu, ya tatu kumi, ya nne kumi na mbili na nusu, ya tano kumi na tano. Zote zipashwe ndani ya bika, chombo cha kioo chenye maji ya moto, mpaka chumvi iyeyuke yote, kisha zitolewe moja moja zipoe huku unakoroga. Joto ambalo fuwele za kwanza zinaonekana, hilo ndilo la kuandika, kwa sababu hapo maji yameshindwa kubeba zaidi.

"Kwa hiyo yenye maji machache inatoa fuwele ingali moto sana," alisema Recheli, "na yenye maji mengi inasubiri mpaka ipoe kabisa."

"Umeona? Wewe hata hunihitaji."

Lakini chumvi yenyewe hawakuwa nayo. Walifanya mazoezi kwa sukari ya chai juu ya jiko la mkaa, ili tu mikono izoee kushika na kukoroga. Sukari ilipopoa haikutoa fuwele hata moja, ikawa kama sharubati ikanata kwenye kijiti. Recheli akacheka. Adelina naye akacheka, kisha akafungua kitabu akamkaririsha: ya kwanza nyuzi sabini na saba, ya pili sitini, ya tatu arobaini na nane, ya nne arobaini, ya tano thelathini na nne. Alimwonyesha na mkunjo wa grafu, joto chini, umumunyifu pembeni, nukta zikiunganishwa kwa mkono laini, si kwa rula.

"Ukizijua hizi hutababaika," alimwambia. "Lolote likikwama, unajua pa kufika."

Hapo ndipo mbegu ilipandwa, na aliyeipanda aliondoka akiwa ameridhika.

Siku yenyewe ilikuwa ya Oktoba. Asiyeijua Oktoba ya Tabora aulize. Jua linatoka limekasirika na mvua bado iko mbali. Walilala mtaa wa Mtendeni kwa shemeji yake Adelina, wakafika asubuhi kwenye shule yalikofanyika majaribio, na saa za mchana maabara ile yenye paa la bati ilikuwa imechemka hata kabla ya moto kuwashwa. Walimu waliruhusiwa kukaa nyuma, mradi wasifungue midomo.

Msimamizi alikuwa Bi Najiat, mtu wa mjini hapohapo, mkemia mstaafu, ushungi wake umebanwa vizuri, macho yake hayana haraka. Alipita meza kwa meza.

Recheli alifanya kazi iliyomfanya Adelina atamani kulia. Alipima gramu nane, akasubiri mizani itulie. Alisoma bureti ya kupimia maji, macho yakiwa sawa na usawa wa maji. Testi tyubu ya kwanza ilipopoa, ikatokea kama theluji ndogo inayometa, na msichana akaruka kidogo kwenye kiti chake, maana hakuwahi kuona kitu kile maishani. Aliandika sabini na tisa. Si sabini na saba, sabini na tisa, alivyoona. Ya pili akaandika sitini na moja. Ya tatu arobaini na saba. Ya nne arobaini na moja. Adelina alihesabu kichwani na kuona zote ziko palepale jirani, kama matokeo ya watu waaminifu yanavyokuwa.

Ikabaki ya tano.

Ikapoa mpaka nyuzi arobaini, thelathini na nane, thelathini na saba. Thelathini na sita ikasimama. Recheli akakoroga. Maji ndani yalikuwa angavu kabisa. Akakoroga tena, akaishika kwenye mwanga. Hakuna. Namna gani itapoa zaidi, wakati chumba chenyewe kina joto hilohilo? Hili halikuwamo kwenye mpango. Aliyeandika mpango hakuwahi kulifanya jaribio hilo mwezi wa Oktoba, wala mwezi mwingine wowote.

Mlangoni palikuwa na mtungi wa maji ya kunywa. Recheli aliutazama mtungi. Adelina aliona jinsi alivyoutazama, akajua mtoto amefikiria nini: bika la maji baridi, achovye testi tyubu ndani yake. Lilikuwa wazo zuri kabisa. Lakini kwenye mpango ilikuwa imeandikwa "zipoe kwenye hewa", na muda ulikuwa umekwisha karibu wote, na grafu haijachorwa, na Adelina akaogopa. Akamwona Vedasto na mikono yake yenye udongo. Akamwona yule bibi kitandani.

Recheli akageuka kumtafuta mwalimu wake.

Na mwalimu akatikisa kichwa, kukubali. Kidogo tu. Jaza.

Msichana aliitazama tena ile testi tyubu angavu. Kisha akainama, akaandika thelathini na nne, akachukua karatasi ya grafu.

Bi Najiat alifika wakati Recheli anamalizia mkunjo. Ulikuwa mkunjo mzuri, umepanda taratibu halafu kwa kasi, nukta mbili juu yake kidogo, nyingine chini. Alilitazama jedwali. Alizitazama testi tyubu kwenye kishikio. Nne zilikuwa na fuwele chini. Ya tano ilikuwa safi.

"Binti, hii ya tano fuwele zake ulizionaje?"

"Zilitokea, bibi."

"Zikaenda wapi?"

Recheli aliinamia grafu yake. Bi Najiat hakupandisha sauti. Alichota maji ya mtungini kwa bika, akaichovya testi tyubu ile pamoja na kipimajoto, akakoroga polepole. Mara fuwele zikaanza, kwanza chache, halafu nyingi, zikashuka. Akakisoma kipimajoto.

"Thelathini na nne," alisema. Ilionekana imemuuma. "Namba yako ni sahihi, mwanangu. Lakini siyo yako. Umeitoa wapi?"

Adelina alikuwa ameketi nyuma, hatua chache tu. Angeweza kusimama. Alikatazwa kufungua mdomo, hilo kweli, na amri hiyo aliing'ang'ania kama mfa maji anayeshika unyasi.

"Niliikariri mwenyewe," alisema Recheli.

"Hakuna aliyekwambia uiandike?"

"Hakuna."

"Mpango wako ni mzuri kuliko wote humu. Ungeniandikia kwamba ya tano imegoma kwa sababu chumba kina joto, ningekupa alama zote za sehemu hiyo, kwa sababu ndiyo kweli. Sasa hata hizi nne sijui niziamini vipi." Akachora mstari mwekundu kwenye jedwali, akaenda meza nyingine.

Nafasi ilikwenda kwa msichana wa upande wa Nzega ambaye grafu yake ilikuwa imepinda vibaya, na chini yake ameeleza kwa nini.

Wakapanda basi la kurudi. Njiani Recheli aliuliza, akitazama vumbi dirishani: "Mwalimu, kule maabara, ulikunja shingo tu, au uliniambia niandike?" Adelina akajibu kwamba joto lilimzidi, hakumbuki vizuri. Msichana akasema sawa.

Vedasto aliwapokea uani. Dada yake alikuwa ameshafika tangu jana na mabegi yake mawili, kwa vile mwalimu alikuwa amesema mtoto atapata. Alipoambiwa, Vedasto akavuta kigoda kwa ajili ya mwalimu.

"Alikosea wapi, Mwalimu?"

Adelina alifungua mdomo. Sasa hapakuwa na amri ya kuufunga.

"Niliharakisha, baba," alisema Recheli kabla yake. "Niliandika kitu ambacho sikukiona." Akaingia ndani, na wakamsikia akizungumza na bibi yake kwa Kirundi, sauti ya chini, akimgeuza ubavu.

Vedasto akatikisa kichwa kwa huzuni. "Watoto. Unawafundisha ukweli, wao wanafanya yao." Akaushika mkono wa mwalimu kwa mikono yake yote miwili. "Lakini wewe umejitahidi. Mungu akubariki, Mwalimu. Ahsante."

"Karibu," alisema Adelina.