Saa Isiyojua Betri

Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha kutengeneza na kuuza saa kuukuu pale Pumwani. Kila saa niliyouza niliifungia kadi, kipande cha katoni tu, nikaandika mambo yake bila kuficha: mashine ni ya aina gani, inavumilia maji kiasi gani, mkanda, alama za kuchakaa, na mwisho kabisa, ilikotoka. Watu walinisifu kwa uaminifu. Uaminifu gani! Nilikuwa mwoga. Polisi walipenda kupita wakiuliza mali imetoka wapi, na asiyekuwa na jibu alilala ndani.

Mtaani saa ilikuwa heshima, na kila aliyevaa saa alikuwa na shemeji Ulaya. Aliyetuzidi sote ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa, dereva mstaafu. Yake, alitwambia, ni dhahabu tupu, haijui betri, inajijaza yenyewe mkono ukitembea, na anaoga nayo. Hakuna mkutano ulioanza kabla hajakunja mkono wa shati tuione.

Siku moja mkewe akaniletea saa hiyo imefungwa kwenye leso. Alitaka pesa za sare ya shule ya binti yao, na mumewe alikuwa amemwambia asubiri. Niliifungua. Ndani kulikuwa na betri, na kwenye mfuniko mafundi wa huko mjini walikuwa wamekwaruza alama zao, kila mmoja aliyewahi kubadilisha betri hiyo. Nilicheka hadi nikaona aibu.

"Andika ukweli, fundi," mama yule akasema, "ila jina langu usiandike."

Nikainunua, nikaandika kadi yake. Nyumbani mama yule akamwambia mumewe saa imeibwa dirishani. Baadaye nikamwuzia kijana mmoja wa mkokoteni, mtu wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben, aliyechoka kufika kazini kwenye viwanda vya Industrial Area akikuta lango limefungwa.

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, nikasikia kelele karibu na kibanda. Mwenyekiti alikuwa amemkaba yule kijana shingoni.

"Hii ni saa yangu! Hata huu mkwaruzo naujua!"

"Mzee, mi sikuiba, haki ya Mungu! Nilibuy kwa fundi. Kadi iko kwa mfuko!"

Mtaani kwetu neno mwizi lilitosha kummaliza mtu kabla ya chakula cha mchana. Tayari mawe yalikuwa yameokotwa, tena na watu wenye Biblia kwapani. Nikajipenyeza, kadi ikatiwa mkononi mwangu, wakaniamuru nisome kwa sauti. Hapo ndipo nilipomwona mke wa mwenyekiti mbele kabisa, amejifunika mdomo kwa leso. Nisiposoma, kijana anakufa. Nikisoma mpaka chini, mama huyu atakiona cha mtema kuni. Nililaani kalamu yangu.

Nikaanza polepole, kama mtu anayejifunza kusoma.

"Mashine: ya betri. Mshale wa sekunde unaruka hatua kwa hatua, hauendi mfululizo."

Watu wakamtazama mwenyekiti. Mkono wake ukalegea kidogo shingoni mwa kijana.

"Maji: nyuma imeandikwa mita thelathini. Maana yake ni manyunyu na kunawa mikono, si kuogelea. Mpira wa ndani wa kuzuia maji umekauka, kwa hiyo hata mvua usiiamini."

Mtu akacheka nyuma. "Si mwenyekiti huoga nayo?"

"Mkanda: si ngozi, ni plastiki. Una tundu la ziada lililotobolewa kwa msumari. Alama: kioo kina mkwaruzo karibu na namba nne. Rangi ya dhahabu imebanduka pembeni, shaba inaonekana."

Kicheko kilienea. Wengine walishaweka mawe chini ili wacheke vizuri. Ulibaki mstari mmoja, nami niliujua kwa moyo: *Imeletwa na mwanamke wa mtaa huu. Anasema ni ya mumewe. Mumewe sijamuuliza.* Nikakohoa. Nikakohoa tena.

"Ilikotoka," nikasema.

"Ngoja!" Mwenyekiti alimwachia kijana shingo, akamvua ile saa, akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama kwa dharau. "Betri? Plastiki? Hii si yangu. Mimi nitavaa takataka kama hii?"

Akamrudishia kijana, tena akamfuta vumbi begani mbele ya watu wote. Kijana akaitumbukiza mfukoni. Nami nikaikunja kadi, mstari wa mwisho ukabaki ndani.

Mke wa mwenyekiti akateremsha leso, akamshika mumewe mkono kwa upole.

"Twende nyumbani, baba watoto," akasema kwa sauti iliyosikika kwa wote. "Saa kama yako, mwizi wake hawezi kuwa mtu wa hapa."

Mwenyekiti akanyoosha shingo, akaridhika kabisa.