Mtihani Uliosogezwa hadi Vuli

Taarifa ilitufikia mchana, tukiwa ofisini tunakula makande, kwenye redio ya mwalimu wa hesabu ambayo betri zake alizianika juani kila asubuhi. Mtihani wa kidato cha nne umeahirishwa. Hautafanyika tena mwanzoni mwa Oktoba, utafanyika Novemba. Sababu hazikutajwa.

Wenzangu walifurahi. Mwalimu wa historia alisema sasa atamaliza mada aliyokuwa ameikata katikati. Mimi niliweka kijiko chini. Nilikuwa mwalimu wa taaluma wa shule ile ya milimani, juu ya Same, na ratiba ya marudio iliyobandikwa ukutani nilikuwa nimeichora mwenyewe, nikaifuta, nikaichora tena, mpaka manila ikaota vinyweleo. Nilichoka kabla sijaanza.

Sikugusa kitu siku hiyo. Redio ni redio. Kesho yake mkuu wa shule alinituma Same mjini, ofisi ya elimu, nikahakikishe. Nilishuka na lori la ndizi, nikapigwa na ule upepo wa Same unaokujaza mchanga mdomoni hata ukinyamaza, nikarudi na nakala ya ratiba mpya ya mtihani. Ilikuwa kweli.

Watu hudhani kuongezewa muda ni neema. Ratiba ya marudio hupangwa kwa kurudi nyuma, kuanzia siku ya mtihani. Somo litakalofanywa kwanza ndilo unalolirudia mwisho, libaki la moto kichwani. Kemia ya vitendo inataka vipindi viwili vilivyofuatana. Mwalimu mmoja hawezi kuwa madarasa mawili, na wa hesabu alikuwa huyo huyo mmoja. Siku ya gulio mchana nilimwachia wazi bila kuandika kwa nini, maana sote tulijua anashuka Same kuuza mitumba. Ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa: sokoni kila kitu kipo, shuleni chaki tunaikata vipande. Sasa Novemba ilikuwa na mtihani wa kidato cha pili pia. Madawati ni yale yale, na baadhi yetu tungeitwa kusimamia shule nyingine.

Niliondoa manila ukutani, nikajaza wiki zile za ziada kwa masomo tangu asubuhi mpaka jioni. Nilidhani nimemaliza.

Mvua za kwanza zikanyesha. Asubuhi iliyofuata darasa la kidato cha nne lilikuwa nusu tupu, na siku ya pili akaja mama mmoja mlangoni kwangu, mjane kutoka kijiji cha juu yetu, jembe begani. Binti yake alikuwa mwanafunzi niliyemtegemea kuliko wote, yule anayewaeleza wenzake hesabu mwalimu akiwa hayupo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakataa kiti.

Alisema hakuja kugombana. Mgongo wake haufai tangu alipoanguka na mzigo wa kuni, watoto wengine ni wadogo, na shamba ni matuta matatu ya mteremkoni ambayo peke yake hayawezi.

"Mliniambia mwezi wa kumi," alisema. "Nikawaachia mtoto mpaka mwezi wa kumi. Mvua haisubiri tangazo."

Nilimwambia kwamba binti akikosa marudio atafanya vibaya, na kwamba mkuu wa shule ameshasema watoro watafutiwa ruhusa ya kukaa bweni. Mama alinitazama kama mtu anayeelezwa jambo analolijua tayari. Alisema njaa ya Machi nayo anaijua. Kisha akaondoka na binti yake, mbele ya macho yangu, yule msichana ameshika kitabu cha hesabu chini ya kwapa.

Niliwakasirikia wote: mama, redio, watu wa mjini wanaosogeza tarehe kana kwamba huku tunalima kwenye kalenda. Kisha nikakaa mbele ya ratiba yangu nikaona upumbavu wake. Ile tarehe ya kwanza ilikuwa imewekwa katika kila nyumba ya mlima huu: mtoto amalize mtihani, mvua inyeshe, ashike jembe. Mimi nilisogeza mtihani nikaacha kusogeza vitu vingine vyote.

Nikachukua kifutio. Masomo ya kidato cha nne niliyaanzisha saa nne, asubuhi iwe ya mashamba kwa muda wa kupanda tu. Kemia ya vitendo ikaenda mchana. Hesabu haikupata pa kukaa ila siku ya gulio. Nilimwendea mwalimu wa hesabu, nikamwomba. Aliuliza kama watoto wake watakula chaki. Kesho yake alisema mke wake atashuka na yale marobota ya mitumba.

Lakini asubuhi peke yake isingetosha nyumba kama ya yule mjane. Katika ratiba kulikuwa na vipindi vya kujitegemea, vilivyotawanyika wiki nzima, ambavyo wanafunzi walilimia shamba la shule. Nilivikusanya vyote pamoja, nikaandika neno ambalo halikuwahi kuwa kwenye ratiba ya shule yetu: msaragambo, kama wazee wa Kipare wanavyoitana kufanya kazi ya pamoja kwenye mfereji au barabara. Darasa zima lingekwenda shamba hadi shamba, kuanzia kwa wasio na mikono ya kutosha.

Mkuu wa shule aliisoma akiwa amesimama.

"Shamba la shule je?"

"La mwisho," nilisema. "Maharage ya shule yakichelewa, tutakula mahindi matupu. Mtoto akichelewa, hana mtihani mwingine."

Alisema mimi ndiye nitakayejibu ofisi ya elimu ikiuliza. Nilikubali. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kujibu kulionekana kazi nyepesi.

Yule msichana alirudi siku matuta yao yalipokwisha kupandwa. Alikuwa na udongo kwenye kucha, akaketi dawati la mbele. Wengine walisinzia mchana, nami nikawaacha wasinzie kidogo. Kila mvua ilipokatika nilifuta na kuandika upya, na mama zao wakaanza kunisimamisha njiani kuuliza shamba lao ni lini. Novemba ikafika. Wote walioandikishwa waliingia chumba cha mtihani. Siku ya mtihani wa mwisho msichana yule alipita mbele yangu akatikisa kichwa kidogo, kuashiria kwamba ameweza. Nilitaka kumkumbatia, nikamwambia akarudishe vitabu vya shule.

Jioni nilirudi nyumbani. Nyuma ya nyumba ya mwalimu kulikuwa na kishamba changu, nilichokilima kila vuli. Majani yalikuwa yamefika magotini. Nilisimama nikikitazama, kwanza nikicheka, halafu nikaketi kizingitini nikalia. Mbegu za maharage zilikuwa bado kwenye kopo jikoni.

Ndipo akaja yule mjane, kifurushi cha marando ya viazi vitamu kichwani, binti yake nyuma yake na majembe mawili. Nilifuta macho, nikamwamkia. Hakuuliza nalia nini. Alitazama majani.

"Na shamba hili, mwalimu, uliliweka siku gani?"

Nilisema sikuliweka.

"Maharage hayawahi tena. Viazi vitawahi." Alitua mzigo, akamwonyesha binti yake pa kuanzia, kisha akanigeukia. "Leo wewe kaa. Kesho asubuhi utapanda, mimi nitakuja kuangalia."

Nikakaa. Katika mwaka mzima ule, hiyo ilikuwa ratiba pekee ambayo sikuipanga mimi.