Wallahu Aalam ya Ukurasa wa Kumi na Moja

Nimeishi Mombasa, Aden na Manama, na kila nilipohamia nilitafuta chumba chenye dirisha linalotazama uchochoro. Sababu yake naijua. Ni sebule ya shangazi yangu huko Mji Mkongwe, katika miaka ya hamsini, nilipokuwa karani wa kupiga chapa serikalini na jioni zangu nikampa yeye. Shangazi alisomesha skuli ya wasichana, na kazi yake nyengine, aliyoifanya kwa mapenzi tu, ilikuwa kufasiri. Yeye alifasiri, mimi nikapiga chapa kwa taipureta iliyokuwa ikiruka herufi r.

Kazi ninayoikumbuka zaidi ni makala ya mwalimu mstaafu wa Makunduchi. Shangazi alimwita Mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha hesabu, na mimi nikafuata. Alikuwa mrefu, kanzu yake haina kunyanzi hata akishuka katika gari la shamba, na Kimakunduchi chake alikiacha nyumbani. Kwetu alisema Kiunguja cha mjini, taratibu, kama anayesoma.

Makala ilihusu hesabu ya mwaka wa wakulima wa kusini. Mwaka huo huanzia Nairuzi, siku ya kuoga mwaka, na siku zake huhesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Mkulima hasemi atapanda mwezi wa Machi. Husema atapanda mwongo wa mia mbili na thalathini, yaani ule unaotimia siku hiyo tangu Nairuzi, basi. Tatizo ni kwamba kuna wazee waliosema mia mbili na thalathini na wengine waliosema mia mbili na arubaini, na kila upande ukiwacheka wenzao. Baba yake Mwalimu alikuwa wa thalathini. Shemeji wa baba huyo, wa kijiji cha pili, alikuwa wa arubaini. Waligombana mpaka wakaacha kuzikana, na baba akafa watu wakimwita mzushi aliyeharibu hesabu ya wazee.

Mwalimu aligundua kwamba wote wawili walikuwa sawa. Mwaka wa miongo una siku mia tatu na sitini na tano kamili, hauongezwi siku kila mwaka wa nne. Kwa hiyo Nairuzi hurudi nyuma polepole katika mwaka wa jua, siku moja kila miaka minne, na mvua ile ile ya masika huangukia mwongo wa mbele zaidi. Katika miaka arubaini tofauti ni mwongo mzima. Baba yake alishika kanuni ya babu zake, na shemeji akashika kanuni iliyorekebishwa baadaye. Hakuna aliyezua.

Shangazi aliifasiri yote kwa Kiingereza, nikaipiga chapa, tukaipeleka kwa jarida moja la wataalamu huko Ulaya. Majibu yalikuja baada ya muda mrefu, katika bahasha nene. Ndani mlikuwa na barua ya mhariri na maoni ya wahakiki wawili, wataalamu waliopewa makala waipime bila ya majina yao kutajwa.

Mhariri alisema mambo kwa ufupi. Mhakiki wa kwanza ameridhika, ana maswali machache. Wa pili anaona kurasa zinazoeleza desturi ya Nairuzi zina faida, lakini hoja ya tofauti ya miongo haikuthibiti. Mwandishi asipomjibu, jarida litachapa kurasa za desturi peke yake, kama taarifa fupi.

Maana yake baba wa Mwalimu angebaki mzushi, na mtoto wake angejulikana Ulaya kwa kueleza watu wanavyooga pwani.

Mwalimu alikuja Ijumaa baada ya Alasiri. Nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu." Akajibu, "Marahaba, bwana mdogo," akakaa, akakataa halwa, na hapo nikajua ana wasiwasi.

Shangazi alianza kumfasiria maoni, moja baada ya jengine, akitaja kila mara ukurasa na mstari kama walivyoandika. Mhakiki wa kwanza alitaka neno mwongo liandikwe "wiki ya siku kumi." Alitaka pia kujua kama zamani kulikuwa na watu walioongeza siku kuirekebisha Nairuzi. Halafu akaingia kwa wa pili.

"Anasema: mwandishi anakusanya ushahidi kwa uangalifu, lakini kila anapofika penye uamuzi anakiri kwamba hajui. Siwezi kukubali hoja ambayo mwenyewe haiamini."

Mwalimu akauliza, "Kasema hivyo hivyo, Bi Mwalimu? Hukutia chumvi?"

"Sikutia wala sikupunguza."

"Ungepunguza kidogo, mwanangu. Mie mtu mzima."

"Nkikupunguzia, utamjibu mtu mwengine asiyekuwepo. Huyu aliyesema ndiye wa kujibiwa."

Mwalimu akacheka bila ya kutaka. "Basi mjibu: haya, mtu mzima huyu kashasikia. Wachape hizo za kuoga."

Shangazi alikuwa ameinama juu ya maoni ya mhakiki wa pili, kidole juu ya namba za kurasa. Aliniomba nakala yetu ya kaboni. Ukurasa wa saba, mstari wa mwisho. Wa tisa, mstari wa mwisho. Wa kumi na moja. Wa kumi na nne. Kila namba akaifungua, akasoma, akaenda nyengine. Mwuza kahawa alipita chini akigonganisha vikombe vyake, na shangazi, ambaye hakuwahi kumwacha apite, alimwacha apite.

"Kosa langu hili," akasema. "Tazameni wenyewe. Pahala pote anapomlaumu mwandishi pana Wallahu aalam."

Ilikuwa kweli. Mwalimu alikuwa ameandika kama wanavyoandika wanazuoni wetu wote. Anatoa ushahidi, anatoa hukumu yake, kisha anafunga kwa kusema Mungu ndiye ajuaye zaidi. Ni adabu ya mtu aliyemaliza kuamua. Shangazi alilifasiri kila mara kama lilivyo, kwa uaminifu wote, na kule Ulaya mhakiki akalisoma kama maneno ya mtu anayeinua mikono kukiri kwamba hajui.

"Basi lifute," nikasema mimi. "Neno moja tu. Nitapiga chapa kurasa nne kesho."

Mwalimu akanigeukia. "Nilifute? Nimwambie Mungu sasa najua kuliko yeye, kwa ajili ya jarida?"

"Hafuti mtu," akasema shangazi. "Na wewe acha haraka, vidole vyako kama vya kuku mtetea. Hatujui bado kama yote manne ni mamoja."

Hapo ndipo nilipoona kazi yake ilikuwa nini hasa. Mimi nilidhani mfasiri hubadilisha maneno. Yeye alimkabili Mwalimu kama wakili na shahidi wake, akamsomea ukurasa wa saba kwa Kiswahili, akitafsiri moja kwa moja kutoka Kiingereza chake mwenyewe bila ya kutazama maandishi ya asili, ili asikie kilichofika kule.

"Hapa unasema tofauti ya wazee wawili inalingana na miaka arubaini. Unaamua au una shaka?"

"Naamua. Hesabu hiyo, haina shaka."

"Wa tisa. Kwamba kanuni ya thalathini ndiyo ya zamani zaidi."

"Naamua."

"Wa kumi na moja. Kwamba hapakuwa na mtu aliyeongeza siku."

Mwalimu alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Hapo sijui. Huenda walikuwepo. Nimeuliza kila kijiji, sikupata wa kunithibitishia. Hapo, mwanangu, Mungu ndiye ajuaye kwelikweli."

"Na wa kumi na nne, mwisho wa yote?"

"Naamua. Baba hakuzua."

Kumbe matatu yalikuwa adabu na moja lilikuwa shaka ya kweli, na katika Kiingereza yote manne yalikuwa yamevaa nguo moja. Kama tungefuta yote kama nilivyotaka, tungemfanya Mwalimu athibitishe jambo asilolijua, na mhakiki wa kwanza, aliyeuliza habari ya siku hizo hizo, angelibomoa.

Walifanya kazi mpaka adhana ya Magharibi. Katika kurasa tatu, hukumu ilisimama peke yake, kwa sentensi ya wazi: kwa hiyo nahitimisha kwamba. Wallahu aalam haikufutwa. Ililetwa pahala pamoja, mwisho wa makala, ikiwa na tanbihi chini inayoeleza kwamba mwandishi wa huku huitamka baada ya kuamua, si badala ya kuamua. Katika ukurasa wa kumi na moja shangazi aliandika kwamba mwandishi hakuweza kulijua jambo hili, na akataja alikouliza. Mpango wa hoja haukuguswa. Mhakiki wa pili alikuwa amependekeza hukumu iletwe mwanzo, lakini Mwalimu alitaka msomaji awasikilize wazee wawili kwanza kabla ya kuambiwa nani ni nani, na shangazi akaandika hivyo hivyo katika jibu, kwa heshima, bila ya kuomba radhi.

Neno mwongo nalo lilibaki mwongo. "Wiki ina majina ya siku," alisema Mwalimu. "Mwongo hauna jina ila hesabu yake kutoka Nairuzi. Ukiuita wiki, umeshaitoa Nairuzi, na hoja yangu yote inasimama juu ya Nairuzi." Shangazi akafurahi mno kwa jawabu hilo. Alilinakili karibu neno kwa neno, akataka neno lielezwe mara moja linapotokea mwanzo, kisha liachwe lilivyo mpaka mwisho.

Barua ya majibu ilifuata mpangilio wa wahakiki: oni la kwanza, tumefanya hivi, ukurasa fulani, oni la pili, hatukufanya, na sababu ni hii. Niliipiga chapa mara mbili kwa sababu ya ile herufi r. Shangazi aliongeza sentensi moja kwa jina lake mwenyewe, akisema kwamba kosa la kurasa hizo lilikuwa la mfasiri wala si la mwandishi. Mwalimu alilipinga hilo. Shangazi akamwambia kwamba adabu si ya Mwalimu peke yake.

Jibu la mhariri lilipofika, Mwalimu hakungoja Ijumaa. Alikuja Jumatano na gari la asubuhi, shangazi akiwa skuli, tukakaa sebuleni mimi na yeye, bahasha mezani kati yetu, hakuna aliyeigusa. Mimi Kiingereza nilikijua, na yeye alijua kwamba nakijua. Hakuniomba.

Shangazi aliingia na buibui lake la kazini, akafungua, akasoma kwanza kimya. Kisha akafasiri. Makala itachapishwa yote. Mhakiki wa pili amesoma tanbihi. Anaondoa pingamizi lake, na anamwomba mwandishi aiache tanbihi hiyo pale pale ilipo.

Mwalimu alitazama dirishani. Chini watoto walikuwa wakipigizana kelele wakitoka chuo cha Kurani.

"Hilo la kuondoa pingamizi," akauliza, "ni adabu au kaamua?"

"Kaamua, Mwalimu."

"Basi lete halwa," akasema.