Pointi Tatu za Mama Kalamu

Mama Kalamu alikuwa ameandika kadi za wagonjwa kwenye zahanati kwa miaka ishirini na minane, na alipostaafu mwandiko wake ulibaki kuwa mali ya kijiji kizima. Kwa hiyo ligi ya mpira wa wavu ilipotaka kufufuka, kamati ilimfuata yeye.

Mwaka uliotangulia fainali ilivunjika. Timu ya Juu na timu ya Bondeni, mitaa miwili ya kijiji, waligombania mchezaji aliyeingizwa kinyemela, kila upande ukadai lake, ngumi zikarushwa, na kijana mmoja wa Bondeni akavunjwa taya. Kwa miezi miwili alikunywa uji kwa mrija. Kanuni zilikuwepo, ila zilikaa vichwani mwa watu, na kila kichwa kilikuwa na zake.

Mama Kalamu alizishusha kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa. Mechi ni seti tatu, mshindi ni wa mbili. Seti mbili za kwanza huishia ishirini na tano, ya tatu kumi na tano, na lazima kupishana pointi mbili. Kila seti, timu ibadilishe wachezaji mara sita tu. Aliyeanza akitoka, anaweza kurudi mara moja, tena kwa kumtoa yule yule aliyeshika nafasi yake. Timu ikikosea hapo, pointi ilizopata tangu kosa zifutwe, wapinzani wapewe pointi moja na mpira waanzishe wao. Mwenye kuzungumza na mwamuzi ni nahodha peke yake. Asiporidhika, lalamiko lake liandikwe kwenye karatasi ya alama, mchezo uendelee, na kamati ya watu watatu iamue baada ya mechi.

Aliwasomea manahodha wote katika darasa la shule ya kijiji, sentensi baada ya sentensi, wakatia sahihi. Nahodha wa Juu alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, fundi baiskeli. Alitia sahihi akicheka: "Dada, umetufunga kamba miguu na mikono."

Siku ya fainali Mama Kalamu alikaa mezani na karatasi ya alama, mwamuzi amepanda kiti chake kirefu. Juu na Bondeni waligawana seti mbili za kwanza. Ya tatu ikafika kumi na moja kwa kumi na moja. Fundi akaomba kubadilisha: namba nne, aliyekuwa nje, arudi. Mwamuzi akaruhusu. Mama Kalamu akaandika haraka, kelele zimemziba masikio. Juu wakapata pointi tatu mfululizo, kumi na nne kwa kumi na moja. Imebaki moja.

Hapo ndipo alipotazama mstari wake tena. Namba nne alikuwa ametolewa na namba tisa. Sasa amemtoa namba saba, na tisa bado yumo uwanjani. Hakuna mwingine aliyeona, hata Bondeni wenyewe. Angenyamaza, pointi moja tu ingemaliza kila kitu.

Akainuka, akamwashiria mwamuzi.

Pointi tatu zikafutwa. Bondeni wakapewa moja, ikawa kumi na mbili kwa kumi na moja. Namba nne akarudishwa benchi, namba saba akaingia. Upande wa Juu ulipiga kelele za kutoboa paa. Fundi akaja mezani, uso umemvimba.

"Kazi yako ni kuona mapema! Umeona tulipokaribia kushinda?"

"Ni kweli, nimechelewa. Unataka niandike?"

"Andika!"

Akaandika: nahodha wa Juu analalamika kwamba karani hakuona kosa kwa wakati. Akamsomea, fundi akatia sahihi. Mchezo ukaendelea. Bondeni walishinda kumi na tano kwa kumi na tatu, na hakuna aliyerusha ngumi.

Kamati ilikaa jioni hiyo hiyo: mmoja wa Juu, mmoja wa Bondeni, na mwalimu asiye na timu. Waliamua matokeo yabaki, kwa kuwa kanuni haikusema kosa lililochelewa kuonekana linasameheka. Ila waliongeza mstari: kuanzia sasa mezani wakae makarani wawili, mmoja kila upande. Mama Kalamu aliuandika mwenyewe, na hakujitetea.

Fundi hakukanyaga kwa dada yake kwa wiki tano. Akimwona njiani alijifanya anakagua mnyororo wa baiskeli. Mama yao alipougua ndipo walipokaa benchi moja nje ya wodi, mkoba wa nguo katikati yao.

"Dada," fundi alisema hatimaye, "ungenyamaza, nani angejua?"

"Mimi."

Fundi akauhamishia mkoba upande wa pili, akasogea karibu, wakaendelea kumsubiri daktari.