Dagaa Hadi Alhamisi

Mimi nina hasira za karibu, na kinachonichefua kuliko vyote ni "njoo kesho". Ndiyo maana dagaa walipotuishia Jumatatu pale sokoni Ujiji nilichana boksi, nikaandika:

"Wateja wetu, dagaa wamekwisha. Mwezi unawaka, wavuvi wamepumzika. Tunatarajia kuwa nao Alhamisi mchana. Tuwieni radhi."

Shangazi, mwenye kibanda, alisoma akashika kiuno. Alitaka niandike kesho, kama majirani. Nikamweleza: mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti dagaa, walishasema watarudi ziwani Jumanne usiku. Jumatano asubuhi tunanunua, tunaanika mchangani, jua likikubali Alhamisi wako mezani. Akasema ukweli wangu utatulaza njaa.

Saa hiyo hiyo akatokea mama wa Tabora, mteja wetu mkubwa, anayebeba magunia kwa treni. Bila yeye, kibanda kile ni meza na nzi tu. Akalisoma tangazo, akatuaga kwa kichwa, akaondoka. Hadi adhuhuri shangazi aliongea na mizani tu, akiilalamikia juu yangu. Nami niliogopa, sifichi.

Jumatano dagaa walitua, tukawaanika wakang'aa. Alasiri, mvua! Tulikimbilia maturubai huku tunacheka na kulaani, lakini wengi walishalowa. Shangazi akanong'ona kwamba tuwauze hivyo hivyo, juu tuweke waliokauka. Nikamwambia dagaa wabichi ndani ya gunia hawafiki Tabora, wataoza njiani. Nikafuta Alhamisi, nikaandika Ijumaa, na chini yake: "Mvua imewalowesha."

Alhamisi mchana mama wa Tabora akaja. Akalisoma tangazo. Akataka kuonyeshwa dagaa wenyewe. Nikampeleka ufukweni, akachota kiganja, akajaribu kumvunja mmoja, hakuvunjika, bado ana maji. Akaguna.

Kumbe tangu Jumatatu alikuwa akipita vibanda vingine kila asubuhi, na kila asubuhi anaambiwa kesho.

"Nyie mmenikosea siku moja," alisema, "na mmeniambia kabla sijauliza. Treni ni Jumamosi. Nawasubiri."

Nilitaka kumkumbatia, basi tu mikono ilinuka. Akavua viatu, akafunga kanga kiunoni, akashinda nasi akigeuza dagaa na kutusimulia visa vya mkwe wake, mpaka shangazi akakaa chini kwa kicheko.

Ijumaa walivunjika kwa mlio. Akajaza magunia yake yote. Shangazi alikuwa tayari kifua mbele, anaeleza jinsi sisi tusivyodanganya mteja. Mama wa Tabora akamsikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akamwomba namba ya simu.

"Siyo yako, dada," akamwambia. "Ya huyu anayeandika."

Shangazi akacheka kuliko sote. Ila jioni ile chai, ambayo siku zote yeye ndiye hunimiminia, nilijimiminia mwenyewe.